Hela ni ya mtu, sawa, ila inarudi kwa njia gani?

*Swali la wiki: Umeingiziwa hela kwenye simu na mtu usiyemjua, halafu anapiga anaomba umrudishie. Utarudisha?*

Ndugu mhariri, kwangu mimi shida haipo kwenye kurudisha, ipo kwenye unarudisha wapi. Shangazi yangu alirudisha, tena ndani ya dakika kumi, na ndiyo maana nimeshindwa kulipita hili swali bila kuandika.

Ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" kila mtu anaijua, mpaka watoto wa shule ya msingi wanaicheka. Na ile nyingine ya kutumiwa meseji feki kwamba umepokea hela wakati salio liko vile vile, nayo wengi tumeshaishtukia, unapiga *150*00# au menyu ya mtandao wako, unaangalia salio, hakuna kitu, unakata simu. Nataka nizungumzie ile ambayo hela inaingia kweli. Hiyo ndiyo inawapata watu waangalifu kwa sababu wameshaangalia salio na wameikuta.

Shangazi anauza mchele wa Ifakara pale soko la Chifu Kingalu, Morogoro. Kwenye kibanda chake kuna ubao umeandikwa namba yake ya simu kwa rangi nyekundu ili wateja walipie, kama wafanyabiashara wote. Ilikuwa 2022, siku ya Jumanne, saa tano asubuhi, na mimi nilikuwepo siku hiyo kwa sababu nilikuwa namsaidia kupima. Kwenye laini yake alikuwa na Sh 412,000, mtaji wa kwenda kuongezea gunia Alhamisi. Meseji ikaingia, amepokea Sh 240,000, jina la mwanaume ambaye hatumjui. Akanionyesha. Nikamwambia shangazi angalia salio kwanza, akaangalia, Sh 652,000. Nikasema basi ni kweli. Hilo neno "basi ni kweli" nimelitoa mimi, na linaniuma mpaka leo.

Haijapita muda simu ikaita, namba tofauti na ile iliyotuma. Mwanamke, analia, kwa nyuma unasikia mtoto. Anasema mama samahani sana, mume wangu ametuma hela ya hospitali amekosea namba, mtoto anatakiwa kulipiwa sasa hivi, tunakuomba kwa jina la Mungu uturudishie. Shangazi akamjibu palepale, mwanangu usilie, hela yako ninayo, siwezi kula hela ya mgonjwa. Yule mama akashukuru, akabariki, halafu akasema lakini usirudishe kwenye ile ya mume wangu, laini yake ina matatizo ikiingia hela inakwama, tuma kwenye hii ya shemeji yangu ambaye yuko hapa hospitali na sisi. Akaitaja, akataja na jina litakalotokea. Shangazi akaingiza namba, jina likatokea lile lile, akaweka namba ya siri, hela ikaenda. Makato akalipa yeye, hata hakuyadai. Alibaki na kama Sh 408,000 hivi, akarudi kupima mchele na moyo mweupe kabisa.

Saa kumi jioni akatumiwa meseji kwamba muamala wa Sh 240,000 umerudishwa kwa aliyetuma. Akabaki na laki moja na sitini na kitu. Alidhani mtandao umekosea, tukapiga 100, tukasubiri sana, tukaambiwa mtumaji ametoa taarifa kwamba alituma kimakosa na hela imekutwa ipo kwenye laini, hivyo imerejeshwa. Tukasema lakini sisi tumeshairudisha! Wakauliza mmeirudisha kwenye namba iliyotuma? Hapana. Basi huo ni muamala mwingine, mmemtumia mtu mwingine kwa hiari yenu na namba ya siri mmeweka wenyewe. Ile namba ya shemeji ilikuwa ya mtandao mwingine na hela ilishatolewa kwa wakala zamani.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kwenye mfumo "kurudisha" siyo kutuma tena. Marejesho yanafungwa na namba ya muamala ule ule, ile mchanganyiko wa herufi na tarakimu inayoanza kwenye meseji, na inarudi ilikotoka tu. Ukituma wewe mwenyewe, hata ukituma kiasi kile kile kwa nia safi, kompyuta inaona muamala mpya ambao hauhusiani na ule wa kwanza. Na haijui shilingi ipi ni ya nani, inaona salio lipo basi. Ingekuwa shangazi siku hiyo hana mtaji kwenye laini, kusingekuwa na cha kurudisha, na hasara ingemkalia yule aliyetuma. Kwa hiyo aliyeumia ni yule aliyekuwa na akiba kwenye simu, wala siyo yule aliyekosea.

Siku ya tatu akaitwa polisi. Shangazi yangu, mwanamke wa miaka sitini, anaitwa polisi kwa utapeli. Kumbe yule mwanaume wa kwenye meseji hakuwa mume wa mtu yeyote kwenye hiyo hadithi, ni mtu wa Dodoma aliyeona tangazo la simu iliyotumika mtandaoni, akapatana na muuzaji Sh 240,000, muuzaji akamwambia tuma kwenye namba ya dada yangu wa dukani, jina litatokea fulani. Likatokea kweli, jina la shangazi. Alipotuma muuzaji akazima simu, naye akawahi kupiga huduma kwa wateja na kuripoti polisi.

Sasa jiulizeni matapeli walijuaje jina la shangazi. Mimi nilikaa nalo siku mbili. Namba iko kwenye ubao sokoni, mtu yeyote anaipita. Na ukianza kutuma hela kwa namba yoyote, kabla hujaweka namba ya siri unaonyeshwa jina la mwenye laini, unaghairi, jina umeshalipata bure. Lile jina liliwekwa litulinde tusikosee namba, na wao wakalitumia kumhakikishia mtu wa Dodoma kwamba anamlipa mtu wa kweli. Halafu wakamtumia shangazi kama bomba: hela ya Dodoma ipite kwake, itokee kwa "shemeji", na kwenye karatasi anayeonekana ameipokea ni yeye, aliyesajili laini kwa kitambulisho chake cha NIDA na alama ya kidole. Ile ya shemeji ilisajiliwa kwa jina la mtu ambaye nina uhakika hata hajui ana laini hiyo. Ndiyo maana nawaomba watu wapige *106# waangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao, ukikuta usiyoijua nenda uifute.

Polisi tulienda na taarifa ya miamala iliyochapishwa, tukawaonyesha dakika kwa dakika, imeingia saa tano na dakika nne, imetoka saa tano na dakika kumi na tatu. Nawashukuru walisikiliza. Lakini upande wa pesa kwenye laini yake ulifungwa siku tisa, gunia za Alhamisi akazikosa, na pale sokoni maneno yalishaenea. Yeye hela hazikumuuma kama lile. Alikuwa anasema, mimi nimeitwa mwizi kwa sababu ya kurudisha.

Kwa hiyo nilipoanza kuandika jibu langu lilikuwa moja tu, sirudishi, sigusi, sipokei hata simu. Mwache apige 100 akiwa na namba ya muamala wake, hela iko kwenye laini yangu siitumii, wataichukua wenyewe. Na nikiangalia lile tukio la shangazi, dalili zilikuwa wazi: hela moja ina watu watatu, jina la kwenye meseji, sauti inayopiga, na namba ya kupokea. Aliyekosea kweli ni mtu mmoja, anapiga kwa simu ile ile iliyotuma maana anayo mkononi, na hana sababu ya kukataa irudi ilikotoka. Kingine ambacho nimekigundua baadaye, muulize alikuwa anataka kutuma namba gani. Aliyekosea kweli atakutajia namba inayofanana na yako, imepishana tarakimu moja au mbili zimegeuka. Siyo kipimo cha kuaminika asilimia zote, tapeli mjanja anaweza kuitunga akiwa anaangalia namba yako, ila wengi ukiwauliza hivyo wanakuwa wakali au wanarudi kwenye kilio.

Lakini mwaka uliofuata nikaingiziwa mimi Sh 30,000. Mama akapiga kwa namba ile ile, yuko stendi ya Msamvu, ni nauli alikuwa anamtumia binti yake, na namba ya binti imepishana na yangu tarakimu ya mwisho. Nikamwambia mama piga 100, mimi siigusi. Akanielewa, hakulia wala hakutukana. Hela ilirejeshwa kesho yake mchana. Usiku ule binti yake alilala wapi sijui, na sikulala vizuri kwa kuwaza kwamba kwa ajili ya mtu aliyemwibia shangazi nimemwadhibu mama wa watu ambaye kila alichosema kilikuwa kweli.

Sasa nikiandika hapa msimamo wangu umelegea kuliko nilivyoanza. Kama ni hela ndogo ambayo nikiipoteza mara mbili sitalala njaa, na anayepiga ni ile namba iliyotuma, na jina ni lile lile, nadhani nitamrudishia kwenye namba hiyo hiyo, nikijua kabisa kwamba bado anaweza kupiga huduma kwa wateja na nikakatwa tena. Ikizidi hapo, 100. Na namba ya pili, ya mume, ya shemeji, ya daktari, hata awe analia vipi, hapana, hiyo namba naituma 15040 pamoja na meseji yake. Shangazi hakubaliani na mimi kwenye hili la hela ndogo, anasema kubwa na ndogo zote ni amana, zirudi kwa njia moja. Bado namba yake iko kwenye ubao kwa rangi ile ile nyekundu, na bado wanampigia. Anawajibu kwa upole, "Hela yako ipo mwanangu, sijaigusa, piga mia moja," halafu anaendelea kupima mchele.