Mshale mmoja hautoshi: kwa wadogo zangu wa dabo intigro

Jana usiku mdogo wangu mmoja wa huku Dodoma kanitumia picha ya daftari lake. Eneo kalipaka penseli vizuri kabisa, limiti kakosea palepale nilipokosea mimi. Hii ni picha ya tatu wiki hii, na swali ni lilelile: eneo lililo kati ya x = y² na y = x − 2. Jamani, tusikilizane.

1. Kabla ya kugusa limiti, tafuta makutano kwa hesabu, usiyasome kwenye picha. Simu ikiinama kidogo, mstari nao unainama. Hapa y² = y + 2, kwa hiyo y ni −1 au 2, na pointi ni (1, −1) na (4, 2). Ziandike juu ya mchoro wenyewe.

2. Piga mishale. Hapa ndipo nilipoumia. Kwenye testi yangu niliamua kuanza na dy. Nikapiga mshale mmoja wa wima, karibu na x = 2: umeingilia kwenye mstari, umetokea kwenye parabola. Nikaridhika. Nikaandika y kutoka x − 2 hadi √x, x kutoka 0 hadi 4, nikapata 16/3. Jibu chanya, safi, halina hata harufu ya kosa. Nikakusanya karatasi nikaenda kula. Iliporudi ina sifuri, nilikaa nayo kwenye ngazi za hosteli hadi giza likaingia, nikirudia hesabu ambayo kila mstari wake ulikuwa sahihi. Kosa halikuwa kwenye hesabu. Ningepiga mshale wa pili kwenye x = 0.5, ningeona unaingilia kwenye tawi la chini la parabola, −√x, wala hauugusi ule mstari. Mstari uko chini zaidi, nje ya eneo. Mimi nikawa nimejumlisha kipande cha 5/6 ambacho si cha swali.

Kwa hiyo telezesha mshale kutoka mwanzo wa eneo hadi mwisho. Mpaka wa kuingilia au wa kutokea ukibadilika njiani, hapo unakata vipande viwili. Kwetu ni kwenye x = 1: cha kwanza kinatoa 4/3, cha pili 19/6.

3. Sasa laza mshale. Unaingilia kwenye parabola, unatokea kwenye mstari, kuanzia chini hadi juu bila kubadilika. Kipande kimoja tu:

```
∫ kutoka y = -1 hadi 2, ∫ kutoka x = y² hadi y + 2, dx dy
```

Inatoka 9/2, sawa na 4/3 + 19/6. Mpangilio huo ndio wa kuchagua, isipokuwa funsheni ya ndani ikukatalie. Kwa mfano, e^(y²) haiintegretiki ukianza na dy, hata mchoro ukipendeza vipi.

4. Limiti za nje ni namba tupu. Ukibaki na x kwenye jibu, umegeuza dx na dy bila kugeuza limiti.

Mdogo wangu wa jana, picha yako bado ninayo. Piga mshale kwenye x = 0.5, kisha nitumie nyingine.