Kwa nini Dar tunatoka jasho usiku wakati Iringa wanajifunika blanketi

"Wakuu, kwenye ramani Dar na Iringa zimepishana kidogo tu kuelekea kusini. Iweje Februari huku feni inazunguka usiku kucha na bado natoka jasho, kule ndugu zangu wanavuta blanketi?"

Mkuu, hapo kuna mambo mawili yanayochanganywa: mwinuko na unyevu. Barabara ya Dar–Iringa inayatenganisha vizuri, na mimi nimeipita mara nyingi.

Ukishuka kwenye gari Ruaha Mbuyuni mchana, kule bondeni kabla ya kupanda kwenda Iringa, joto linakupiga usoni, ingawa bahari umeiacha mamia ya kilomita nyuma. Kwa hiyo umbali kutoka baharini peke yake hauleti ubaridi. Panda mlima wa Kitonga sasa, ndani ya muda mfupi watu wanafunga vioo. Kilichobadilika ni mwinuko. Hewa inayopanda juu hukuta mgandamizo mdogo, hutanuka, na kule kutanuka kunakula joto lake. Kwa wastani hupungua nyuzi 6.5 kila mita 1,000. Iringa iko karibu mita 1,600, kwa hiyo toa nyuzi 10 hivi: usiku wa Dar wa nyuzi 25 unakuwa 15. Hilo ndilo blanketi la ndugu zako.

Lakini Ruaha Mbuyuni, pamoja na joto lote lile, jasho linakauka. Dar halikauki, na hapo ndipo mateso yetu yalipo. Jasho hupoza mwili pale tu linapogeuka mvuke, na hewa iliyokwisha kunywa maji ya Bahari ya Hindi haina nafasi kubwa ya kupokea zaidi.

Unaweza kupima mwenyewe. Chukua kikombe cha bati chenye maji ya kawaida, weka kipimajoto, ongeza barafu kidogo kidogo huku ukikoroga. Angalia nje ya kikombe: nyuzi zinazosomeka ukungu unapoanza kushika ndizo kiwango cha umande. Kwangu Dar, Februari, ukungu hushika kwenye nyuzi 24 hivi, yaani barafu kidogo tu. Hewa ikipoa usiku hadi hapo, mvuke huanza kugeuka umande, na kugeuka huko hurudisha joto hewani, basi kipimajoto kinagoma kushuka. Mvuke mwingi angani nao huzuia joto la ardhi lisitoroke. Iringa anga ni kavu zaidi, joto la mchana linapotea upesi.

Ndiyo maana feni inakusaidia kwa kuondoa hewa iliyolowa karibu na ngozi, ila haipunguzi joto la chumba. Kiyoyozi kinakausha hewa pia. Yale maji yanayodondoka kwenye bomba lake nje ni mvuke uliokuwa chumbani mwako. Na zile feni za kuwekewa maji usizinunue kwa matumizi ya Dar, maana zinaongeza unyevu ule ule unaokunyima usingizi. Dodoma, kwenye hewa kavu, zinafanya kazi vizuri.