Kuhesabu mikato kwa dakika: kunakuambia nini kuhusu watazamaji kukimbia?

Swali: "Wadau, nikikata vidio haraka haraka watu watabaki? Napimaje?"

Mkuu, mi nafanya edit za vidio za ufundi simu na hili nimelipima. Kwanza tenganisha mkato na kubadilika kwa sini. Mkato ni klipu moja inaisha nyingine inaanza, sini ni pale mahali au jambo linapobadilika, mfano umetoka kufungua simu umehamia kupima betri. Dakika moja inaweza kuwa na mikato 20 na sini ileile.

Kuhesabu mikato naiachia programu ya ffmpeg:

```
ffmpeg -i video.mp4 -vf "select='gt(scene,0.3)',showinfo" -f null -
```

Kila `pts_time` inayotokea ndo sekunde ya mkato. Ila usiiamini kichwa kichwa, ukiwa umekaa mbele ya kamera ukakata pumzi na "eeh" zako picha kabla na baada zinafanana sana so inapitiliza tu, halafu mwanga wa flashi inauhesabu kuwa mkato. Chukua dakika moja uihesabu kwa macho, ukiona inaruka mingi shusha 0.3 iwe 0.2. Sini sasa andika mwenyewe kwa mkono, hazizidi kumi mara nyingi.

Kwenye grafu ya YouTube Studio, ile inayoonyesha asilimia ya watazamaji waliobaki, ndo wengi wanachemka. Mstari mara nyingi unashuka tu kwahiyo kuangalia asilimia iko ngapi haikusaidii, angalia kati ya waliokuwepo mwanzo wa dakika wamebaki wangapi mwisho wake. Vidio yangu moja ya dakika nane, dakika ya tatu ilikuwa na mikato 22, grafu ikatoka 58 mpaka 49. Gawanya 49 kwa 58 unapata kama 0.84, yaani katika kila watu 100 wamesepa 16. Dakika ya sita mikato 4 tu, kutoka 47 mpaka 45, wamesepa wanne! Ni mkono unachomoa skrini taratibu na watu wametulia wanaona itapasuka au haipasuki.

Ukisema basi mikato inafukuza watu utakuwa umekosea pia. Ile dakika ya tatu nilikuwa naeleza aina za gundi, maneno matupu, na niliikata sana kwa sababu nilishaona inaboa, kwahiyo uboaji ndo umeleta mikato na umefukuza watu vilevile. Ndo maana mi nalinganisha maongezi na maongezi, kazi ya mikono na kazi ya mikono, na sekunde 30 za mwanzo naziweka pembeni kabisa maana hapo wanaondoka hata waliobonyeza kwa bahati mbaya, na hao edita hana la kufanya. Na grafu ikipanda ghafla mara nyingi watu wamerudisha nyuma au wamerukia hapo, nenda kaangalie hapo, kwangu mara nyingi ni kipande nilichokipitisha haraka mpaka skrubu haikuonekana imetoka wapi.