Sifuri na Seli Tupu: Kulikagua Jedwali la Matokeo Kabla ya Kuandika

Anayekabidhiwa jedwali la matokeo ya mtihani kwa mara ya kwanza huanza kwa kutafuta wastani, kisha hulinganisha wastani huo kati ya madarasa na kuanza kuandika. Nami nilianza hivyo, na taarifa yangu ya kwanza ililaumu mkondo mmoja kwa udhaifu ambao haukuwapo. Nitaeleza jinsi kosa hilo linavyotokea kwa kutumia mfano wa tarakimu ndogo.

Chukulia jedwali lenye wanafunzi 80, mkondo A ukiwa katika mistari ya 2 hadi 41 na mkondo B katika mistari ya 42 hadi 81, huku alama za hisabati zikiwa katika safu ya D. Wastani wa mkondo A ni 54, na wa mkondo B ni 46. Tofauti ya alama nane inaonekana kubwa, na mwandishi mwenye haraka angeifanya kichwa cha habari. Kabla ya kuiamini, tengeneza nakala ya faili, acha ile ya asili bila kuguswa, kisha uhesabu vitu vitatu katika kila mkondo. Hizi ni fomula za mkondo B; kwa mkondo A weka D2:D41:

```
=COUNT(D42:D81)
=COUNTBLANK(D42:D81)
=COUNTIF(D42:D81,0)
```

Fomula ya kwanza huhesabu seli zenye namba, ya pili seli tupu, na ya tatu zile zenye sifuri. Katika mfano wetu, mkondo A una namba 38, seli tupu 2 na hauna sifuri hata moja; mkondo B una namba 40, hauna seli tupu, lakini una sifuri 7. Hapo ndipo jambo linapojitokeza: walioingiza alama walikuwa watu wawili, mmoja aliacha wazi nafasi ya mwanafunzi ambaye hakufanya mtihani, na mwingine aliandika 0. Fomula ya `AVERAGE` huiruka seli tupu, lakini sifuri huihesabu kama alama halali.

Hata hivyo, usizifute sifuri zote kwa pamoja, kwa kuwa yupo mwanafunzi anayefanya mtihani na kupata sifuri kweli. Tazama alama za kila mwenye sifuri katika masomo mengine yaliyofanywa siku hiyohiyo, halafu uthibitishe kwa orodha ya mahudhurio ya chumba cha mtihani. Katika sifuri zetu saba, sita ni za wanafunzi wenye sifuri katika masomo yote ya siku ile, na orodha inaonyesha kwamba hawakufika. Wa saba alikuwapo, kwa hiyo sifuri yake inabaki. Jumla ya alama za mkondo B ni 1,840. Ukiigawa kwa 34 badala ya 40, wastani unakuwa takriban 54, sawa na wa mkondo A. Tofauti yote ya alama nane ilitokana na namna ya kujaza jedwali.

Je, basi hakuna la kuandika? Lipo, ila wastani ulikuwa umelificha. Wagawe wanafunzi 72 waliofanya mtihani katika makundi ya alama: 27 wako chini ya 40, 9 tu wako kati ya 40 na 59, na 36 wana 60 au zaidi. Wastani wa 54 umeangukia mahali ambapo karibu hapana mtu, na darasa limegawanyika katika pande mbili. Kwa maoni yangu huu ndio mwelekeo mkuu, lakini nao sharti ujaribiwe. Tazama kila mkondo peke yake: A una 14, 5 na 19, na B una 13, 4 na 17. Kwa kuwa umbo ni lilelile katika mikondo yote miwili, halikuletwa na darasa moja wala na mwingizaji mmoja wa alama.

Jaribio la mwisho hufanywa nje ya kompyuta. Chagua wanafunzi kumi bila kuwapendelea, watano kutoka kila mkondo, ulinganishe alama za jedwali na zile zilizoandikwa kwenye karatasi zao za majibu. Alama mbili zikiwa zimehama mstari mmoja kwenda juu au chini, shuku kwamba mtu alipanga safu moja bila kuzipanga nyingine pamoja nayo, na hapo jedwali zima lirudishwe kwa aliyelitoa.

Likisalimika, andika kile tu ambacho jedwali linakionyesha: kwamba kati ya wanafunzi 72 waliofanya mtihani wa hisabati, 27 walipata chini ya 40 na 36 walipata 60 au zaidi, na kwamba wanane hawakufanya mtihani. Sababu ya mgawanyiko huo haimo katika safu yoyote ya faili, kwa hiyo iulize kwa walimu wa somo na uwape tarakimu hizo waziangalie kabla ya taarifa kutoka.