Skani haina cheupe, lakini mzee anaburuta mguu

Mtu akianguka na boda usiku huu akapigwa skani ya CT ya kichwa usiku huuhuu, tunachokitafuta ni cheupe. Damu mbichi inaonekana nyeupe, ubongo ni kijivu, maji ya ubongo ni meusi. Ndugu wengi wanalijua hilo siku hizi, wanachungulia picha wanasema aa haina cheupe, twende nyumbani. Mimi ni radiografa hapa Kampala na nawaambia, kabla hujasema hivyo uliza kwanza alianguka lini.

Mashine inapima vitu kwa namba. Maji ni 0, ubongo unacheza kwenye 30 hadi 40, damu iliyoganda vizuri inafika 60 hadi 80, ndo maana inang'aa. Sasa lile donge halikai vile, linaanza kuyeyuka na protini zake zinavunjika, namba inashuka kila siku, na kuanzia kama wiki moja hadi tatu hivi inapita palepale kwenye namba ya ubongo. Kijivu juu ya kijivu. Baadaye inashuka zaidi inakuwa nyeusi na hapo inaonekana tena, lakini ukipiga picha katikati unaweza kuangalia damu nyingi tu machoni pako na usiione.

Kuna mzee mmoja, kapita miaka sabini, aliletwa na bintiye kutoka upande wa Arua. Wiki tatu nyuma aliteleza kwenye boda akagonga kichwa, akainuka, akala, akalala, hakuna aliyehangaika. Halafu kichwa kikaanza kuuma asubuhi, akawa anasahau majina ya wajukuu, mguu wa kushoto ukaanza kuburuta. Kwanza akatibiwa malaria, kisha mtu akasema ni stroku. Binti akaniambia, "Musawo, ile ajali ilishaisha zamani," na kwenye fomu ya kuomba skani palikuwa pameandikwa stroku tu, ajali haikutajwa kabisa.

Picha ikatoka. Cheupe hakuna. Lakini angalia pembeni. Ubongo una mikunjo, na kati ya mkunjo na mkunjo kuna mistari myeusi ya maji inayofika karibu kabisa na mfupa, na kwa mzee inatakiwa iwe mipana kwa sababu ubongo umesinyaa kidogo na umri. Upande wake wa kushoto mistari ilikuwepo. Upande wa kulia ilikuwa inakatika kabla ya kufika kwenye mfupa, katikati pamebaki ukanda wa kijivu laini wenye umbo la mwezi mchanga. Huo ukanda si ubongo, ni damu, imetanda juu ya ubongo. (Kwenye skrini upande wa kulia wa mgonjwa unakuwa kushoto kwako, usichanganyikiwe.) Na kulia ndiko kunakoendesha mguu wa kushoto, kwa hiyo picha na mgonjwa wanasema kitu kimoja.

Halafu ule mstari wa katikati, unaotenganisha nusu mbili za ubongo. Ulikuwa umesukumwa kwenda kushoto milimita 9, na chumba cha maji kilichomo ndani ya ubongo upande wa kulia kimebanwa kimebaki kama ufa mwembamba. Madaktari wa upasuaji wa ubongo wakiona msukumo unapita milimita 5 wanaacha mazungumzo ya panadol. Kuna mtego hapa lakini, damu ikiwa pande zote mbili zinasukumana, mstari unabaki katikati kabisa na picha inaonekana safi ajabu. Mzee mwenye vyumba vidogo na mikunjo isiyoonekana kama vile ana miaka ishirini, mimi huyo simwachii aende. Hapo tunaomba dawa ya kung'arisha kwenye mshipa, au MRI kama ipo na hela ipo.

Kwa hiyo ukimpeleka mzazi wako, taja tarehe ya kuanguka hata kama ni mwezi uliopita na hata kama alicheka akainuka, na utaje aspirini au wafarini kama anameza, kwa sababu mishipa midogo inayovutwa kwa wazee huvuja polepole na hizo dawa zinaizuia damu isigande. Ripoti ikisema tu hakuna damu, uliza mikunjo inafika kwenye mfupa pande zote mbili? Mstari wa katikati uko wapi? Na uondoke na picha zenyewe, filamu au sidii, karatasi peke yake daktari wa upasuaji hawezi kuipimia kitu.

Yule mzee alitobolewa matundu mawili kwenye fuvu, kikatoka kimiminika cheusi kama oili chafu ya injini, na mguu ukaanza kurudi. Skani ya baada ya upasuaji ilionyesha bado kuna ukanda mwembamba na hewa nyeusi kidogo juu, binti akashtuka. Hiyo ni kawaida, ubongo uliobanwa wiki nyingi haufunguki siku moja. Ila damu inaweza kujaa tena, kwa hiyo kichwa kikianza kuuma upya au mguu ukarudi kuburuta, anarudishwa siku hiyohiyo bila kungoja tarehe ya kliniki.