Kichwa A au kichwa B? Namna ya kujua kama ushindi ni wa kweli au ni bahati tu

Chukua blogu ya ufugaji wa kuku inayopata wasomaji 200 hivi kwa siku kwenye ukurasa wa mbele. Makala ni moja, vichwa ni viwili. A kinasema "Jinsi ya kutunza vifaranga". B kinasema "Vifaranga vinakufa wiki ya kwanza? Pima joto kabla ya kununua dawa". Nusu ya wasomaji wanaonyeshwa A na nusu B. Baada ya siku 4, watu 380 wameona A na 18 wamebofya. Wengine 380 wameona B na 27 wamebofya. Ukipiga hesabu ya haraka, B imeizidi A kwa 50%, na hapo ndipo wengi hufunga jaribio na kutangaza mshindi.

Ngoja kwanza. Tuseme vichwa hivyo vina nguvu sawasawa, na kila mbofyo ni kama sarafu iliyorushwa ikaangukia A au B. Ukirusha sarafu mara 45, kupata mgawanyo wa 27 kwa 18 au ulioachana zaidi, kwa upande wowote ule, hutokea karibu mara 1 kwa kila 4. Kwa hiyo matokeo hayo bado hayajakuambia lolote kuhusu vichwa.

Kipimo cha kutumia hapa kinatosha kwenye kikokotoo cha simu. Jumlisha mibofyo ya A na B, tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo, kisha zidisha kwa 2. Tofauti kati ya A na B ikiwa ndogo kuliko jibu hilo, ihesabu kuwa bahati. Kwa mfano wetu, 18 + 27 ni 45, kipeuo chake ni 6.7, mara mbili ni 13.4. Tofauti tuliyonayo ni 9, haifiki. Kipimo hiki kinafaa pale watu waliogawiwa A na B wanapolingana kwa idadi, na wanaobofya wakiwa wachache, tuseme chini ya 10%. Kinalingana na kile kiwango cha makosa cha 5% kinachozoeleka kwenye takwimu.

Jaribio likiendelea hadi siku ya 14, tuseme kila upande umefikisha watu 1,150 na mibofyo ni 55 kwa 63. (Hawafiki 1,400 kwa sababu wasomaji wa kudumu wanarudi, na mtu mmoja anahesabiwa mara moja tu.) Jumla ni 118, kipeuo ni 10.9, mara mbili ni karibu 22. Tofauti ni 8. Ile 50% ya siku ya nne imeshuka hadi 15%, nayo bado imo ndani ya bahati. Ili B ishinde kwa jumla hiyo hiyo, ingebidi iwe kama 70 kwa 48.

Kosa linaloharibu majaribio mengi ya blogu ndogo ni kuchungulia matokeo kila asubuhi na kusimamisha siku B inapovuka mstari. Kila unapochungulia ukiwa tayari kusimamisha, unaipa bahati nafasi nyingine ya kukudanganya. Ukikagua mara 10 kwa vipindi vilivyo sawa, hatari ya kumtangaza mshindi wa uongo inapanda kutoka 5% hadi karibu 19%. Dawa yake ni kuandika tarehe ya mwisho kabla hujaanza. Chagua wiki kamili, 2 au 4, kwa kuwa anayesoma Jumatatu kazini si yule anayesoma Jumapili jioni. Kuangalia katikati ya safari kuwe ni kukagua tu kama mitambo inafanya kazi.

Halafu usiweke A wiki hii na B wiki ijayo. Mtu mmoja akirusha kiungo chako kwenye kundi la WhatsApp la wafugaji, wiki hiyo itashinda hata kwa kichwa kibovu. Vichwa vyote viwili vikimbie kwa wakati mmoja, na kila msomaji abaki na kichwa alichopangiwa. Mgao ufanyike kwenye kivinjari chake, kwa sababu blogu yenye kache hutoa ukurasa uleule kwa kila mtu. Kiungo cha makala kiwe ndani ya elementi yenye id ya `vifaranga`, na msimbo huu uweke mara tu baada ya kiungo chenyewe. Ukiuweka chini kabisa ya ukurasa, msomaji ataona kichwa kikibadilika machoni pake:

```html
<script>
let k = localStorage.getItem('jaribio1');
if (!k) {
  k = Math.random() < 0.5 ? 'A' : 'B';
  localStorage.setItem('jaribio1', k);
}
const a = document.querySelector('#vifaranga a');
if (k === 'B') a.textContent = 'Vifaranga vinakufa wiki ya kwanza? Pima joto kabla ya kununua dawa';
gtag('event', 'ona_' + k);
a.addEventListener('click', () => gtag('event', 'bofya_' + k));
</script>
```

Msimbo wa Google Analytics uwe umeshapakiwa juu yake. Kwenye ripoti, soma idadi ya watumiaji wa kila tukio, si idadi ya matukio, maana kuna msomaji mmoja atakayebofya mara tano. Kisha linganisha `ona_A` na `ona_B` kwa kipimo kilekile cha kipeuo. Ukikuta 450 kwa 350, tofauti ni 100 wakati bahati ya kawaida haizidi 57. Hapo msimbo una hitilafu, na mibofyo yote ya jaribio hilo itupe.

Jambo chungu ni kwamba blogu ya ukubwa huu haiwezi kuona tofauti ndogo. Idadi ya watu wanaohitajika kila upande unaweza kuikadiria hivi: p ni wastani wa viwango viwili vya kubofya, d ni tofauti unayotaka kuigundua, na zote ziandike kwa desimali, yaani 5% ni 0.05.

```
n = 16 * p * (1 - p) / d^2
```

Kutoka 5% hadi 6% inahitaji watu kama 8,300 kila upande. Kwa kasi yetu hiyo ni zaidi ya miezi 3. Kutoka 5% hadi 10% inahitaji kama 450 tu. Kwa hiyo kubadilisha neno moja au kuongeza alama ya mshangao ni kupoteza wiki mbili. Pambanisha vichwa vinavyoahidi vitu tofauti kabisa, kama hivi vya vifaranga.

Utangulizi ni rahisi zaidi kuupima, ila si kwa mibofyo, kwani msomaji ameshaingia. Hesabu wanaofika kwenye aya ya nne, kwa mfano. Kama kawaida ni 40% na unatafuta 50%, watu 400 kila upande wanatosha. Hapa tumia kanuni hii ya n kupanga ukubwa, lakini kipimo cha kipeuo kinakuwa kikali mno wafikao wakiwa wengi hivyo.

Na siku B ikishinda kwa haki, 70 kwa 48, usitegemee 46% hiyo idumu. Kwenye sampuli ndogo, mstari huvukwa zaidi na matokeo yaliyosukumwa juu kidogo na bahati. Ukiwaonyesha B wasomaji wote, tarajia ongezeko dogo kuliko hilo.