Posa za raundi kwa raundi: kwa nini hakuna wawili watakaotoroka?

*"Wakimaliza kuposa na kukataliwa, nani anazuia wawili wanaotakana kuliko wenzi waliopewa kutoroka pamoja?"*

Msomaji wa hesabu: Kuna makundi mawili, kila moja watu n, na kila mtu ana orodha ya upendeleo ya watu wa kundi la pili. Kundi moja linaposa kwa raundi: anayeposwa anashikilia bora kati ya waliomposa na kuwakataa wengine, na aliyekataliwa anaposa kwa anayefuata kwenye orodha yake. Chukua waposaji A na B, wote wanampenda X kuliko Y. X anampendelea B. Raundi ya kwanza wote wanaposa kwa X. Anamshikilia B, ila hajampa neno la mwisho, na A anakataliwa. Raundi ya pili A anaposa kwa Y. Basi, imekwisha. Je, A atoroke na X? A anataka, X hataki. Na ndivyo ilivyo daima: mposaji anashuka orodha yake kuanzia juu, kwa hiyo kama anamtaka X kuliko aliye naye, alishamposa na akakataliwa kwa ajili ya mwingine bora machoni pa X. Na X hubadilisha kwa kupanda tu, hashuki. Kuisha lazima kuishe: hakuna anayeposa mahali pamoja mara mbili, kwa hiyo posa hazizidi n × n.

Mpita njia: Kwa hiyo kila mtu anapata bora wake!

Msomaji wa hesabu: Nusu tu. Kati ya mipango yote tulivu, yaani isiyo na wawili wa kutoroka, waposaji wanapata bora wao, wanaoposwa wanapata dhaifu wao. Geuza anayeposa, matokeo yanaweza kugeuka.

Mwenye bweni: Mimi nagawa wanafunzi wawili wawili chumbani, nitumie hii?

Msomaji wa hesabu: Hapo ni kundi moja, si mawili. Mpango tulivu unaweza usiwepo kabisa.